Nyama ya mbuzi kwenye presha kuka: uiache presha ishuke yenyewe au uitoe haraka?

Ukizima moto chini ya presha kuka yenye nyama ya mbuzi, unabaki na uamuzi mmoja ambao watu wengi huufanya kwa haraka kwa sababu njaa inauma. Ama unaiacha presha ishuke yenyewe mpaka mfuniko ufunguke bila kulazimishwa, ama unainua kizito na kuuachia mvuke utoke wote kwa dakika moja au mbili. Nyama ile ile, iliyokaa jikoni dakika zile zile, inaweza kutoka laini kwa njia ya kwanza na ikavutika kama raba kwa njia ya pili. Basi lawama hutupiwa mbuzi, au muuza nyama, au sufuria lenyewe.

Njia zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina hesabu yake ya dakika. Huwezi kuchukua dakika za njia moja ukazimalizia kwa njia nyingine. Na kwa sisi tunaoishi Mbeya, Iringa, Mafinga au Njombe kuna jambo la ziada: dakika zilizoandikwa kwenye kijitabu kinachokuja na sufuria kwa kawaida zimepimwa maeneo ya chini, hazitutoshi huku juu.

Nitazilinganisha kwa vigezo vitano: ulaini wa nyama, unyevu wake, hali ya mchuzi, saa na nishati, na usalama. Kabla ya hapo tuzipate dakika zenyewe.

## Mwinuko kwanza

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa uko chini yake kidogo, Njombe uko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji kwenye sufuria la kawaida huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 94, wakati Dar es Salaam yanachemka kwenye 100. Ndiyo maana mbuzi wa sufuria la wazi anaweza kukaa jikoni Uyole saa tatu na bado akakushinda meno.

Presha kuka inapunguza tatizo hilo lakini hailimalizi. Kile kizito kinachokaa juu ya tundu la mvuke kinasukuma dhidi ya hewa ya nje. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, presha yote iliyomo ndani nayo inapungua. Sufuria la jikoni lenye kizito cha kawaida, ambalo pwani lingefika nyuzi 121, Mbeya linafika karibu 118. Kizito hakijui kiko wapi. Kitapiga filimbi na kutikisika vilevile, nawe utadhani joto ni lile lile. Kwa hiyo mtu anayekwambia "mbuzi ni filimbi sita" akiwa Kariakoo anasema kweli yake, ila si ya huku. Filimbi zenyewe nazo zinategemea ukubwa wa moto: moto mkali unapiga filimbi nyingi kwa muda mfupi na nyama haijapata chochote. Hesabu dakika, acha filimbi.

Kanuni inayotumika sana ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 kuanzia mita 600 kwenda juu. Kwa Mbeya inakuja asilimia 18 hivi, kwa Njombe imezidi 20 kidogo. Ukikumbuka "ongeza moja ya tano" hutakosea kwa kiasi cha kuharibu chakula. Dakika 30 za kijitabu zinakuwa 36.

Dakika zinaanza kuhesabiwa pale kizito kinapoanza kutoa mvuke mfululizo, na hapo ndipo unapopunguza moto hadi kibaki kinatikisika taratibu. Muda wa kupasha kabla ya hapo hauhesabiwi. Anayeanza kuhesabu tangu alipofunga mfuniko anajiibia kama dakika 12.

Hizi ndizo dakika ninazozitumia kwa sufuria la jikoni lenye kizito, kwa mwinuko wa Mbeya na Iringa, vipande vikiwa na upana wa vidole vitatu:

| Nyama | Presha ikishuka yenyewe | Presha ikitolewa haraka |
|---|---|---|
| Mbuzi mdogo, na mifupa | 22–25 | 30–33 |
| Mbuzi mkubwa, beberu au jike lililozaa | 32–36 | 40–45 |
| Ng'ombe mchanganyiko | 32–36 | 40–45 |
| Maksai au ng'ombe mzee, shingo na muundi | 45–50 | 55–60 |

Majiko ya presha ya umeme mengi yanafanya kazi kwa presha ndogo kuliko ya kizito. Ongeza dakika 5 hivi kwenye safu ya kwanza na 8 hadi 10 kwenye ya pili. Ukiwa Njombe au Makete, chukua namba kubwa kati ya zile mbili zilizoandikwa.

Umri wa mbuzi uulize buchani kabla hajakatwa vipande. "Kaka, huyu ni mdogo au ni jike lililozaa?" Muuza nyama mzuri atakwambia. Asipokwambia, tazama: mbuzi mdogo ana nyama ya rangi ya waridi na mafuta meupe, mkubwa nyama yake ni nyekundu ya kuiva na nyuzi zake ni nene. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kuingia sufuriani asubuhi hiyo hiyo bado imekakamaa. Ikisubiri hadi kesho yake mahali pa baridi inalainika yenyewe kwa kiasi fulani, na baridi ya Juni huku kwetu inasaidia.

## Kuiacha presha ishuke yenyewe

Ulaini. Kinachofanya nyama ngumu iwe ngumu ni kolajeni, yaani utando mweupe na kano zinazoshikilia nyama kwenye mfupa na kuzifunga nyuzi zake pamoja. Kolajeni inahitaji joto na muda ili igeuke kuwa jelatini, ule ute unaogandisha supu ikipoa. Moto ukizimwa na mfuniko ukaachwa, joto la ndani halianguki papo hapo. Linashuka polepole kutoka 118 hadi 94, na muda wote huo kolajeni inaendelea kuyeyuka. Dakika 15 hadi 20 za kusubiri zinafanya kazi ya kama dakika 8 za moto. Ndiyo tofauti unayoiona kati ya safu mbili za jedwali.

Unyevu. Nyama inatulia ndani ya mchuzi wake na hakuna kinachoikamua kwa ghafla. Kwa steki ya paja, isiyo na mafuta wala kano nyingi, hapa ndipo njia hii inapoonyesha thamani yake waziwazi.

Mchuzi. Hauchemki kwa vurugu, kwa hiyo mafuta yanapanda juu na kutulia, na supu inatoka safi. Anayependa supu ya mbuzi inayoonekana hadi chini ya bakuli hana njia nyingine inayomfikia hii.

Saa na nishati. Unasubiri, lakini moto umezimwa. Kwa sufuria la aluminiamu la lita 5 presha inashuka kwa dakika 12 hadi 20. Jiko la umeme lina ukuta mnene na linaweza kuchukua hadi nusu saa. Msimu wa baridi, sufuria jembamba lililowekwa kwenye sakafu ya saruji huweza kushusha presha kwa dakika 10 tu. Hapo umepoteza sehemu ya mapishi uliyokuwa umeihesabu. Liache juu ya jiko lililozimwa, au liweke juu ya ubao.

Anayepikia mkaa ana tahadhari yake. Mkaa hauzimwi kwa kugeuza kitufe. Ukiliacha sufuria juu ya makaa ukadhani presha inashuka, kumbe bado unapika na maji yanakauka chini. Liepue, ulishike kwa mikono yote miwili, ulibebe bila kuliinamisha, uliweke pembeni.

Usalama. Ni njia tulivu kuliko nyingine. Kosa linalobaki ni kukosa subira na kulazimisha mfuniko. Kama pini ya presha haijadondoka, au kizito kikiguswa bado kinapumua, usifungue.

Inamfaa nani. Anayepika supu, anayepika mbuzi mkubwa au maksai, anayetumia steki, na yeyote ambaye ugali au wali wake utaiva wakati presha inashuka.

## Kuitoa presha haraka

Ulaini. Joto linaanguka hadi 94 kwa dakika moja au mbili, na kolajeni karibu isimame pale ilipofika. Ulichokipata motoni ndicho hicho. Ukiwa umeziongeza zile dakika 8 motoni, nyama inakuwa laini sawasawa na ile iliyosubiri. Usipoziongeza, utafungua ukute nyama imeiva rangi lakini karibu na mfupa inavutika.

Unyevu. Hapa ndipo njia hii inapokosolewa, na ukosoaji una msingi. Ndani ya sufuria lenye presha, maji yana nyuzi 118 na hayachemki kwa nguvu. Ukiutoa mvuke ghafla, maji hayo yanajikuta kwenye hewa ambayo kiwango chake cha kuchemka ni 94, na ule ujoto wa ziada unageuka mvuke mara moja. Kama asilimia 4 ya maji yote huruka kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba maji yaliyomo ndani ya nyama nayo yanachemka pamoja na ya mchuzi, na mvuke ukitoka unazisukuma nyuzi na kuikamua nyama. Huku juu anguko hilo la joto ni kubwa kidogo kuliko la pwani, kwa hiyo athari nayo inaonekana zaidi kidogo.

Ila athari hiyo si sawa kwa nyama zote. Shingo, mbavu, mkono na makongoro yana jelatini na mafuta ya kutosha kuificha, mlaji hataitambua. Steki ya paja itaitambulisha: inachanika vizuri kwa uma lakini mdomoni ni kavu na inataka maji ya kusindikiza.

Mchuzi. Unachafuka. Ule mchemko wa ghafla unayapiga mafuta na kuyachanganya na maji, supu inakuwa na rangi ya maziwa. Kwenye rosti yenye nyanya na karoti hilo halimsumbui mtu. Kwenye supu linaonekana.

Saa na nishati. Unafungua mapema, lakini dakika ulizoongeza ni za moto. Watu hukadiria faida hii kuwa kubwa kuliko ilivyo, na nitaipigia hesabu hapo chini.

Usalama. Mvuke wa nyuzi zaidi ya 100 unababua ngozi kabla hujavuta mkono. Inua kizito kwa uma au mwiko mrefu, kidogo kidogo, uso na mkono vikiwa pembeni ya tundu na watoto wakiwa mbali. Sufuria likiwa limejaa kupita theluthi mbili, au mchuzi ukiwa mzito wa mafuta, tundu litarusha povu la mchuzi. Likianza hivyo rudisha kizito, subiri dakika 3, ujaribu tena. Kumwagia mfuniko maji ya baridi kunashusha presha kwa chini ya dakika moja, lakini kunafaa kwa sufuria la jikoni tu, tena lile ambalo kijitabu chake kinaruhusu. Maji yapite ukingoni, yasiingie kwenye tundu. Jiko la umeme usilimwagie maji kabisa. Lina kitufe au kidude cha kugeuza cha kutolea mvuke.

Inamfaa nani. Anayetaka kukagua nyama katikati, anayeongeza viazi au ndizi baadaye, na anayepika vipande vya mifupa na mafuta kwa rosti nzito.

## Njia ya katikati

Zima moto, subiri dakika 10, kisha toa mvuke uliobaki. Kwa dakika hizo joto limeshashuka vya kutosha, kwa hiyo mchemko unaofuata ni mdogo: nyama haikamuliwi sana, povu halirushwi, na sehemu kubwa ya kazi ya kusubiri imeshafanyika. Tumia dakika za safu ya kwanza ukiongeza 3. Kwa mbuzi wa rosti wa siku za kawaida mimi hutumia hii. Kwa supu safi na kwa steki bado nasubiri hadi mwisho.

## Hesabu ya kilo moja na nusu

Tuchukue mfano mmoja. Una kilo moja na nusu ya mbuzi mkubwa kutoka Mwanjelwa, mchanganyiko wa mkono, shingo na mbavu. Umeipaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu asubuhi. Unakaanga vitunguu maji viwili kwenye sufuria lenyewe, unaitia nyama, unaigeuza mpaka ibadilike rangi, kisha unaongeza vikombe viwili vya maji. Nyanya usizitie kwa wingi sasa. Zikiwa nzito zinashika chini, na jiko la umeme litasimama njiani likidai chakula kinaungua. Nyama yenyewe itatoa maji, kwa hiyo usiogope uchache wa vikombe viwili. Funga, moto mkubwa.

Kizito kinaanza kutoa mvuke mfululizo baada ya dakika 12. Punguza gesi.

Ukifuata njia ya kusubiri: dakika 34 motoni, kisha dakika 17 za presha kushuka. Jumla ni dakika 63 tangu ulipofunga, na gesi imewaka kwa 46.

Ukifuata njia ya haraka kwa hesabu yake sahihi: dakika 42 motoni, 2 za kutoa mvuke. Jumla 56, na gesi imewaka kwa 54.

Tofauti ya saa ni dakika 7. Kwa dakika hizo 7 umechoma gesi dakika 8 zaidi, ingawa ni kwa moto mdogo, kwa hiyo mtungi hautaisha kwa ajili hiyo.

Sasa tazama kinachotokea kwa anayechanganya njia. Anapika dakika 34, anatoa mvuke kwa 2, anafungua kwenye dakika ya 48. Anaonja kipande cha shingo: kinavutika. Anafunga tena, presha inarudi baada ya dakika 5 kwa kuwa sufuria bado ni la moto, anaongeza 8, anatoa mvuke 2. Ukijumlisha na dakika ya kuonja na kufunga, amefika 64. Amezidiwa na aliyeiacha presha ishuke yenyewe, na nyama yake imekamuliwa mara mbili.

Baada ya kufungua, kwa njia yoyote, tia nyanya zilizosagwa na karoti, uache ichemke bila mfuniko dakika 10 hadi 15 mpaka mchuzi ushike. Nyama iliyotolewa presha haraka inafaidika na muda huu kuliko nyingine, kwa sababu inakaa kwenye mchuzi bila kusukumwa.

## Kujua kosa liko wapi

Nyama inayovutika kama raba na nyama kavu ya nyuzinyuzi zote zinaitwa "ngumu" mezani, lakini tiba zake zinapingana.

Chukua kipande chenye mfupa na utando. Chomeka uma kwenye ule utando mweupe, siyo kwenye nyama yenyewe. Ukirudi nyuma kama unachoma raba, na nyama ikiwa imeshikilia mfupa, kolajeni haijamalizika. Rudisha kwenye presha dakika 8 hadi 10 na safari hii iache ishuke yenyewe. Mchuzi nao utakusaidia: ukiwa mwepesi kama maji na haunati vidoleni, bado.

Utando ukiwa umeyeyuka au una ulaini wa jeli, nyama imerudi nyuma na kuacha ncha ya mfupa wazi, hapo imeiva. Kama baada ya hapo nyama yenyewe inachanika nyuzi moja moja na ni kavu mdomoni, imezidi kupikwa au imekamuliwa na mvuke. Kuirudisha motoni kutaiharibu zaidi. Ichambue vipande vidogo, uichanganye kwenye mchuzi mzito, na wakati mwingine punguza dakika 5 au acha presha ishuke taratibu.

Kuna hali ya tatu inayochanganya wengi: presha haikufika kabisa. Raba ya mfuniko ikizeeka inavujisha mvuke pembeni, kizito hakitikisiki sawasawa, na ukifungua unakuta maji yamepungua sana wakati nyama ni ngumu. Hapo umepika kwa joto la 94 na kitu cha kutazama ni raba. Ikague kama ina nyufa au imekakamaa, na uoshe tundu la mvuke lisizibwe na mafuta.

## Ndizi na viazi

Hapa ndipo njia ya haraka haina mbadala, na ndipo jikoni kwetu inapotumika zaidi. Ndizi za Tukuyu au viazi mviringo vinaiva kwenye presha kwa dakika 4 hadi 6. Ukivitia pamoja na mbuzi mkubwa tangu mwanzo, nyama ikiiva vyenyewe vimekuwa uji. Ukiiacha presha ishuke yenyewe baada ya kuiva, zile dakika 17 za kusubiri zinavivuruga vilevile, maana kwao ni mapishi mara tatu.

Kwa hiyo pika kwa awamu mbili. Nyama kwanza, dakika zake zipungue 5 kuliko jedwali kwa kuwa itarudi motoni. Iache presha ishuke yenyewe kama una muda, au tumia njia ya katikati. Fungua, panga ndizi au viazi vilivyokatwa mara mbili juu ya nyama, ongeza maji yafike nusu ya kimo chake, funga. Kizito kikianza kutoa mvuke hesabu dakika 5, zima, toa presha mara moja. Sufuria lisijae kupita theluthi mbili, maana wanga wa viazi unatoa povu.

## Kwa hali yako

Kama unapika supu ya mbuzi kwa ajili ya wageni, au mgonjwa anayehitaji mchuzi safi, iache presha ishuke yenyewe na uanze saa moja na robo kabla ya kupakua.

Kama ni rosti ya jioni na umerudi kazini umechelewa, nunua mbuzi mdogo, mbavu na mkono, mpe dakika 25 hadi 28, usubiri 10, utoe presha iliyobaki. Wali wa Kyela unaiva ndani ya muda huo huo.

Kama umebeba muundi au shingo ya maksai na huna uhakika wa umri wake, anza na dakika 45, toa presha haraka ukague utando kwa uma, kisha urudishe dakika zinazobaki na uiache ishuke yenyewe. Nyama ya namna hii ina jelatini ya kutosha kuvumilia ukaguzi mmoja.

Kama una steki peke yake, isiyo na mfupa wala mafuta, usitoe presha haraka hata ukiwa na haraka. Ikate vipande vikubwa kuliko kawaida, usizidishe dakika 25 kwa mnyama mdogo, usubiri.

Kama unatumia jiko la umeme na umeme ukakatika katikati ya mapishi, usifungue. Presha inayoshuka bado inapika. Umeme ukirudi ndani ya nusu saa, malizia dakika zilizobaki ukipunguza 5. Usiporudi, subiri pini idondoke, ukague kwa uma, umalizie kwenye gesi au mkaa kwa sufuria la kawaida. Hapo jipe saa nzima au zaidi.

Na kama unapikia mkaa, chagua kusubiri au njia ya katikati, ila anza kuhesabu kushuka kwa presha pale tu sufuria linapoepuliwa. Likiwa bado juu ya makaa, hizo ni dakika za moto, ziandike kwenye hesabu ya moto.